Nyuma ya Jina la Vodafone Kenya

Muulize mtu yeyote Nairobi au Mombasa Safaricom ni ya nani, na utapata mojawapo ya majibu mawili. Wa kwanza atasema ni ya serikali, wa pili atasema ni ya Waingereza. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili hayatoshi. Hii ni kampuni ambayo mamilioni ya watu hulipia nauli, karo na unga kupitia huduma yake ya M-Pesa, na hesabu zake huchapishwa kila mwaka ili yeyote azisome. Umiliki wake haujafichwa. Umepangwa kwa tabaka, na anayeishia tabaka la kwanza hurudi na jina ambalo halimwambii kitu.

Tabaka hilo la kwanza liko mwishoni mwa taarifa ya mwaka ya Safaricom, kurasa ambazo wengi hawazifikii. Hapo huorodheshwa wanahisa wakubwa. Kampuni ina hisa bilioni 40 na ushee. Kwa miaka mingi orodha hiyo imeanza na majina mawili yaleyale: Hazina ya Taifa ya Kenya, yenye hisa bilioni 14 na kidogo, yaani asilimia 35, na Vodafone Kenya Limited, yenye hisa bilioni 16, yaani asilimia 39.93, ambayo watu huisema tu kuwa 40. Robo iliyobaki ni ya umma, walionunua hisa mwaka 2008 serikali ilipouza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na walionunua sokoni baadaye.

Ukiendelea kushuka katika orodha utakutana na mabenki yenye neno “Nominees” mwishoni mwa jina, likifuatwa na namba ya akaunti. Usidhani benki hizo ndizo zenye mali. Zinashika hisa kwa niaba ya wateja, mara nyingi mifuko ya uwekezaji ya nje, na mwenyewe hatajwi. Kwa anayetafuta mwenye sauti katika kampuni, mistari hiyo haibadilishi mengi, kwa sababu kila mmoja ana kipande kidogo. Mstari wa kuuchimba ni ule wa juu kabisa.

Vodafone Kenya Limited ni nini, basi? Hakuna duka lake mtaani. Haiuzi laini za simu wala vifurushi. Ni kampuni iliyosajiliwa Kenya, na mali yake inayohesabika ni zile hisa bilioni 16. Wahasibu huiita kampuni ya kushikilia hisa: haifanyi biashara yenyewe, inamiliki sehemu ya kampuni inayofanya biashara, inapokea gawio na kupiga kura kwenye mkutano mkuu. Kampuni za namna hii zina sababu halali kabisa. Wabia wawili au watatu wanaweza kuwekeza pamoja na kupiga kura kwa sauti moja. Mmoja wao akitaka kutoka, huuza sehemu yake ndani ya kampuni hiyo bila kuigusa kampuni kubwa. Lakini faida hiyohiyo ndiyo inayompa shida mtafutaji, kwani mambo makubwa yanaweza kutokea ndani ya sanduku hilo huku jina lililoandikwa juu yake likibaki vilevile.

Na yalitokea, tena mapema sana.

Safaricom ilizaliwa mwaka 1997 ikiwa kampuni tanzu ya Telkom Kenya, shirika la umma. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikanunua asilimia 40 kupitia Vodafone Kenya. Umma uliambiwa hivyo, na Wakenya wakajua hivyo: asilimia 60 ni zetu, 40 ni za Vodafone. Kumbe ndani ya Vodafone Kenya kulikuwa na mbia mwingine. Kampuni iitwayo Mobitelea Ventures, iliyosajiliwa mwaka 1999 katika kisiwa cha Guernsey, ilikuwa imepata asilimia 25 ya Vodafone Kenya. Robo ya arobaini ni kumi. Kwa hiyo kampuni ambayo Wakenya hawakuwahi kuisikia ilikuwa na asilimia 10 ya Safaricom, kwa njia isiyoonekana kwenye orodha ya wanahisa wa Safaricom. Mwaka 2003 Vodafone ilinunua nusu ya fungu hilo, Mobitelea ikabaki na asilimia 12.5 ya Vodafone Kenya, sawa na asilimia 5 ya Safaricom. Fungu la mwisho Vodafone ililinunua mwaka 2009.

Kamati ya Bunge la Kenya inayosimamia uwekezaji wa umma ililichunguza suala hili na kulianika mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya hisa kuuzwa kwa wananchi. Vodafone ilieleza kwamba Mobitelea ilipewa nafasi ya kununua hisa kwa sababu iliishauri kuhusu biashara nchini. Swali la kamati lilikuwa jepesi: watu waliokuwa nyuma ya Mobitelea ni akina nani? Msako ulifika Guernsey ukagonga ukuta. Waliotajwa kama wakurugenzi walikuwa kampuni nyingine, si watu, na waliotajwa kama wenye hisa walizishika kwa niaba ya wengine. Sheria za kisiwa hicho wakati ule hazikumlazimisha yeyote kumtaja mwenye mali mbele ya umma. Jibu rasmi halikupatikana.

Ninalisimulia hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha mambo mawili yasiyosomeka katika kitabu cha sheria. Kwanza, dalili ilikuwepo kwa aliyejua pa kutazama. Wakati Kenya yote ikisema Vodafone ina asilimia 40, taarifa za mwaka za Vodafone yenyewe ziliandika kwamba sehemu yake katika Safaricom ni asilimia 35. Namba mbili zinazopaswa kufanana zikitofautiana, hujazisoma vibaya. Tofauti yake ni mtu. Hapa ilikuwa 5, na 5 ile ilikuwa Mobitelea. Pili, huwezi kuufuata mnyororo ukazidi pale sajili ya nchi inapokubali kukufikisha. Unaweza kuwa na subira ya mtumishi wa kumbukumbu na pesa za kulipia kila cheti, na bado ukasimama mlangoni.

Siku hizi mlango huo umefunguka kidogo. Kenya, kupitia kanuni za mwaka 2020, inaitaka kila kampuni impe Msajili jina la mnufaika halisi, yaani binadamu anayemiliki angalau asilimia 10 au anayeiongoza kampuni kwa njia nyingine, hata kama amejificha nyuma ya kampuni tatu. Tanzania ilibadilisha sheria zake mwaka huohuo, na taarifa za namna hiyo hupelekwa BRELA. Ila rejista ya Kenya ni ya vyombo vya dola. Raia wa kawaida haisomi. Anachoweza kupata ni hati iitwayo CR12, inayoombwa kwa mtandao kupitia eCitizen kwa ada ndogo, ikionyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni binafsi. Kwa Vodafone Kenya hati hiyo ndiyo hatua ya pili. Uingereza imekwenda mbali zaidi: sajili yake ya kampuni, Companies House, husomwa bure na mtu yeyote duniani mwenye simu, na tangu 2016 inataka jina la mtu mwenye zaidi ya asilimia 25. Zaidi ya hayo, sheria ya huko inailazimisha kampuni kubwa kuchapisha kila mwaka majina ya kampuni zake zote, nchi kwa nchi. Orodha ya Vodafone hujaza kurasa kadhaa mwishoni mwa taarifa yake, kwa herufi ndogo, na Kenya imo. Anayeanzia juu na kushuka kwa orodha hiyo hufika haraka kuliko anayeanzia Nairobi na kupanda.

Kabla ya kupanda, tahadhari moja kuhusu majina. Kenya ina kampuni iitwayo M-PESA Holding Company Limited. Mtu akiona neno hilo la katikati hushangilia kwamba amempata mwenye M-Pesa. Hajampata. Kampuni hiyo ni mdhamini: inashika amana za wateja, zile pesa zilizoko kwenye simu za watu, katika akaunti za benki zilizotengwa na mali ya Safaricom, ili Safaricom ikipata hasara pesa za mama muuza samaki zisiguswe. Pesa inazozishika si zake. Jina la kampuni halithibitishi kazi yake, na hata neno “Vodafone” katika Vodafone Kenya halikuthibitisha, kama Mobitelea ilivyoonyesha, kwamba yote yaliyomo ni ya Vodafone.

Mwaka 2017 sanduku likafunguliwa tena. Vodafone iliamua kuikabidhi Safaricom kwa kampuni tanzu yake ya Afrika Kusini, Vodacom Group, ile ambayo Watanzania na Wakongomani wanaijua kwa rangi nyekundu. Vodacom ikachukua asilimia 87.5 ya Vodafone Kenya na kulipa kwa hisa mpya za Vodacom zaidi ya milioni 226. Vodafone ikabakiza asilimia 12.5 mikononi mwake. Biashara hii ilikuwa na thamani ya mabilioni ya dola, na hakuna hisa hata moja ya Safaricom iliyohama. Orodha ya wanahisa ya kabla na ya baada ilisomeka vilevile: Vodafone Kenya Limited, hisa bilioni 16. Mwenye sauti kubwa katika kampuni kubwa kuliko zote nchini alihamia Midrand, Afrika Kusini, na karatasi ya Nairobi haikubadilika hata nukta.

Sasa tupande hadi juu. Vodacom Group imeorodheshwa kwenye soko la hisa la Johannesburg tangu 2009, kwa hiyo taarifa zake ni za wazi. Vodafone inamiliki asilimia 65.1 kupitia kampuni zake za uwekezaji. Kiwango hicho kilipanda kutoka 60.5 mwishoni mwa 2022, Vodacom ilipoinunua Vodafone Egypt na kulipia sehemu ya bei kwa hisa. Vodafone Group yenyewe ina makao Newbury, mji mdogo magharibi mwa London, na imeorodheshwa London. Haina kampuni mama. Ina wanahisa wengi waliotawanyika, na mkubwa wao ni kampuni ya simu ya Falme za Kiarabu, ile iliyojulikana miaka mingi kama Etisalat na sasa inaitwa e&. Ilijitokeza Mei 2022 na asilimia 9.8, kisha ikaongeza. Tunajua kwa sababu sheria ya Uingereza inamtaka anayevuka asilimia 3 ya kampuni iliyoorodheshwa atangaze, na kila anapopanda atangaze tena. Ilipofika 14.6, serikali ya Uingereza, Januari 2024, iliweka masharti kwa misingi ya usalama wa taifa. Asilimia 60 ya e& ni mali ya mfuko wa uwekezaji wa serikali ya shirikisho ya Falme za Kiarabu.

Ili mnyororo huu ueleweke, chukua shilingi 100 za gawio la Safaricom uzifuate kwa mgawanyo huo, bila kuhesabu kodi na gharama za njiani. Hazina ya Kenya inachukua 35. Wanahisa wa umma wanachukua 25. Vodafone Kenya inapokea 40. Kati ya hizo 40, Vodacom inapata 35 na Vodafone inapata 5 moja kwa moja. Zile 35 za Vodacom ni za wanahisa wake wote. Sehemu ya Vodafone ni kama 23, na 12 ni za wawekezaji wengine wa Johannesburg. Jumlisha 23 na 5: Vodafone imeondoka na shilingi 28. Kati ya hizo, kwa kiwango kile cha 14.6, shilingi 4 hivi ni za e&.

Ukiishia kwenye hesabu hii utasema Hazina ndiyo yenye Safaricom kuliko Vodafone, 35 dhidi ya 28. Kwa upande wa pesa ni kweli. Kwa upande wa kura si kweli, na hapa ndipo watu wengi, hata waandishi wa habari za biashara, hujikwaa. Kura hazizidishwi njiani kama gawio. Vodafone Kenya hupiga kura 40 zote kwa mkono mmoja. Anayeuinua mkono huo ni Vodacom, kwa kuwa ana 87.5 ya sanduku. Anayeichagulia Vodacom bodi ni Vodafone, kwa kuwa ana 65. Kwa hiyo Vodafone, yenye shilingi 28 katika 100, inasikika kwa kura 40. Na ile e& yenye sehemu ndogo tu ya Vodafone haiwezi peke yake kuiamuru Vodafone, hivyo mnyororo wa mamlaka unakatika Newbury hata kama mnyororo wa pesa unaendelea hadi Abu Dhabi. Ni minyororo miwili, na kila mmoja unahitaji hesabu yake.

Tena, kura 40 si nyingi kuliko nusu. Ndiyo maana, kwa mgawanyo huo, Vodacom iliiandika Safaricom kwenye vitabu vyake kuwa kampuni mshirika: inahesabu sehemu yake ya faida, lakini haichanganyi mapato yote ya Safaricom na yake. Kihasibu, Safaricom ya 40, 35 na 25 haikuwa na kampuni mama. Ilikuwa na wanahisa wakubwa wawili wanaohitajiana. Linganisha na Vodacom Tanzania, iliyouza robo ya hisa zake kwa umma mwaka 2017 na kuorodheshwa Dar es Salaam. Vodacom Group ina asilimia 75 pale, kwa hiyo hapo neno kampuni mama linastahili. Mteja wa Arusha na mteja wa Nakuru wanatumia M-Pesa yenye jina lilelile, mmoja kutoka kampuni yenye mama na mwingine kutoka kampuni isiyokuwa naye.

Na jina lenyewe? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, lakini chapa ilikuwa ya Vodafone, na Safaricom ililipia matumizi yake. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom ziliinunua chapa hiyo kutoka Vodafone kupitia kampuni waliyoianzisha pamoja, M-Pesa Africa, nusu kwa nusu. Anayefuatilia chapa basi afuatilie mambo mawili tofauti: nani ana kampuni inayokuhudumia, na nani ana jina lililoandikwa kwenye kibanda. Majibu yanaweza kuwa mawili.

Mgawanyo wa 40, 35 na 25 ulidumu tangu 2008. Desemba 2025 serikali ya Kenya na Vodacom zilitangaza mpango wa kuuvunja. Hazina ingeuza asilimia 15 kwa shilingi 34 kila hisa, jumla ya shilingi bilioni 204 hivi, na Vodafone ingemwachia Vodacom ile 12.5 ya Vodafone Kenya iliyokuwa imebakiza tangu 2017. Hisa za Hazina zingeingia palepale, ndani ya Vodafone Kenya, ambayo ingefika asilimia 55 na yote kuwa ya Vodacom. Serikali ingebaki na 20, umma na 25 yao. Kwa mara ya kwanza tangu siku za Telkom, Safaricom ingekuwa na kampuni mama kwa maana kamili ya neno, na mapato yake yote yangeingia katika vitabu vya Midrand. Rudia hesabu ya shilingi 100 kwa namba hizo: Vodafone Kenya 55, na asilimia 65.1 ya hizo ni za Vodafone, karibu 36. Hazina 20.

Ndani ya mpango huo kulikuwa na kipengele kilichozungumzwa kidogo kuliko bei ya hisa, nami naona ndicho cha kutazamwa zaidi. Serikali ingepokea shilingi bilioni 40.2 mapema, kama malipo ya gawio la miaka ijayo kwa zile asilimia 20 inazobakiza. Maana yake ni kwamba hisa zingeandikwa kwa jina la Hazina, kura zingekuwa za Hazina, lakini gawio, kwa kipindi hicho, lingekwenda kwa aliyelipa. Hilo halionekani kwenye orodha ya wanahisa, wala kwenye CR12, wala kwenye rejista ya wanufaika halisi. Limo katika mkataba na katika nyaraka zilizopelekwa bungeni, na anayetaka kujua fedha za zile 20 zinaishia wapi itabidi azisome huko.